Sera ya likizo yenye "isipokuwa" zinazogongana: namna ya kuinyoosha bila mtu kupoteza siku

Sera za likizo haziharibiki siku moja. Zinaanza na kifungu kimoja safi, kisha kila mwaka mtu anaongeza "isipokuwa" yake: mwaka huu kwa ajili ya wanaotoka uzazini, mwaka ujao kwa walinzi, mwaka mwingine mhasibu analalamika kuhusu bakaa zinazorundikana naye anapewa kifungu chake. Kila nyongeza ilikuwa na sababu yake siku ilipoandikwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyerudi nyuma kuangalia kama nyongeza mpya inakubaliana na ile iliyotangulia, hadi siku mfanyakazi mmoja anapoleta fomu inayokubaliwa na ukurasa wa tatu na kukataliwa na ukurasa wa nne.

Mwongozo huu ni wa afisa utumishi, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, au mkuu wa taasisi ndogo aliyepewa kazi ya "kuiweka sawa ile sera". Tunatumia sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 (Sura ya 366). Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na watumishi wa umma wana kanuni zao, kwa hiyo tarakimu za hapa zisihamishwe huko. Njia yenyewe, hata hivyo, inafanya kazi popote.

Kuna sentensi moja ya kushikilia tangu mwanzo, maana kazi yote inategemea hiyo: kufafanua sera si kuibadilisha. Ukimaliza, kila mfanyakazi awe na siku zilezile alizokuwa nazo au zaidi, na asiwe ameongezewa sharti lolote ambalo halikuwepo.

Sera ya kufanyia kazi

Tuchukue mfano wa shule binafsi ya bweni. Vifungu hivi tumevitunga, lakini kila kimoja ni cha aina inayokutwa kwenye sera halisi:

4.1 Kila mfanyakazi ana haki ya siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo.
4.2 Mfanyakazi aliyetimiza miaka 5 ataongezewa siku 4.
4.3 Walimu na wafanyakazi wa bweni watachukua likizo wakati shule imefungwa tu.
4.4 Licha ya kifungu kingine chochote, likizo isiyochukuliwa hadi tarehe 31 Desemba itapotea.
4.5 Licha ya kifungu kingine chochote, mfanyakazi aliyezuiwa kwenda likizo kwa sababu za kazi atahamishia mwaka unaofuata siku zisizozidi 14.
4.6 Mfanyakazi anayemaliza likizo ya uzazi ana haki ya kuunganisha likizo yake ya mwaka bila kukatiza.
4.7 Siku alizougua mfanyakazi akiwa likizo hazitahesabiwa, iwapo ataleta cheti cha daktari.
4.8 Likizo ikishaanza haiongezwi wala kusitishwa kwa sababu yoyote.

Soma 4.4 na 4.5 kwa pamoja. Vyote viwili vimejitangaza kuwa juu ya vingine vyote. Ni kama ndugu wawili kila mmoja anasema yeye ndiye msemaji wa mwisho wa ukoo. Maneno "licha ya kifungu kingine chochote" yana maana yakitokea mara moja kwenye sera. Yakitokea mara mbili hayana maana tena.

Hatua ya kwanza: kusanya karatasi zote, si sera peke yake

Haki za likizo hazikai mahali pamoja. Weka mezani mikataba ya ajira (angalau nakala moja ya kila aina: walimu, wapishi, walinzi, ofisi), mkataba wa hali bora kama chama kimewahi kusaini na mwajiri, nyaraka na barua zote zilizowahi kutolewa kuhusu likizo, rejista ya likizo, na fomu za likizo zilizojazwa kwa miaka 3 iliyopita. Juu ya rundo hilo weka nakala ya sheria iliyo na marekebisho ya karibuni, maana sheria za kazi zimekuwa zikirekebishwa na nakala ya zamani iliyoko kabatini inaweza kukudanganya.

Sheria ni sakafu. Kwa likizo ya mwaka inasema mwajiri atoe angalau siku 28 za mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Mzunguko wenyewe ni miezi 12 inayohesabiwa tangu mfanyakazi alipoajiriwa, si Januari hadi Desemba. Mwajiri ndiye anayepanga tarehe, ila likizo iwe imechukuliwa ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kuisha. Muda huo unaweza kufika miezi 12 ikiwa mfanyakazi ameafiki na mahitaji ya kazi yanahalalisha. Juu ya sakafu hiyo, mkataba, mkataba wa hali bora, sera au mazoea vinaweza kutoa zaidi, na kilichozidi kinabaki.

Fomu za zamani ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Sera inasema "siku 4" lakini haisemi ni siku gani. Fungua fomu ya mtu wa miaka 6 kazini na uhesabu kwa kalenda: aliondoka lini, aliripoti lini? Kwenye mfano wetu, tuseme fomu zote zinaonyesha kwamba 28 zilihesabiwa mfululizo pamoja na Jumapili, lakini zile 4 za nyongeza zilihesabiwa kama siku za kazi. Hakuna aliyeandika hivyo popote, ila ndivyo ilivyofanyika kwa kila mtu. Hayo ni mazoea, na ukiyafuta kwa jina la kunyoosha sera, umepunguza.

Tofauti hii hujificha vizuri. Mtu wa Jumatatu hadi Ijumaa akianza likizo Jumatatu, siku 28 zinaishia Jumapili, na siku 4 zinazofuata, uzihesabu vyovyote, ni Jumatatu hadi Alhamisi. Hakuna anayegundua kitu. Akianza Jumatano, siku 28 zinaishia Jumanne. Nne za kalenda ni Jumatano hadi Jumamosi na anaripoti Jumatatu. Nne za kazi ni Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu, na anaripoti Jumanne. Ndiyo maana usiangalie fomu moja. Tafuta zilizoanza katikati ya wiki.

Hatua ya pili: vunja kila kifungu vipande vinne

Chukua karatasi yenye safu nne: NANI, KIASI, LINI, SHARTI. Kila kifungu kiingie humo, na safu ambayo kifungu hakisemi chochote iachwe tupu. Usijaze kwa kubahatisha.

| Kifungu | Nani | Kiasi | Lini | Sharti |
|---|---|---|---|---|
| 4.1 | kila mfanyakazi | 28 | – | – |
| 4.2 | miaka 5+ | +4 (za kazi, kwa mazoea) | – | – |
| 4.3 | walimu, bweni | – | shule imefungwa | – |
| 4.4 | wote | bakaa = 0 | baada ya 31 Desemba | – |
| 4.5 | aliyezuiwa | hadi 14 | mwaka unaofuata | sababu za kazi |
| 4.6 | anayetoka uzazini | – | mara baada ya uzazi | – |
| 4.7 | aliyeugua likizoni | siku alizougua zinarudi | – | cheti |
| 4.8 | wote | – | likizo haisogezwi | – |

Jedwali hili ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko zote. Ukilitazama utaona kwamba migongano mingi si ya haki na haki. Ni ya KIASI na LINI. Kifungu cha 4.3 hakisemi lolote kuhusu mtu anapata siku ngapi. Kinapanga wakati tu. Mtu akikitumia kumnyima siku, amekifanya kiseme kisichosema. Kinyume chake, 4.4 kimevaa nguo za LINI lakini mkononi kina kisu cha KIASI: kinaanza na tarehe na kuishia kufuta siku. Vifungu vya namna hiyo, vinavyogusa safu mbili kwa mpigo, viwekee alama nyekundu. Karibu kila mara mgongano unaanzia hapo.

Angalia pia safu ya SHARTI ya 4.1 ilivyo tupu. Sheria hailazimishi likizo yenye malipo kwa mtu ambaye hajafikisha miezi 6 kazini, isipokuwa wafanyakazi wa msimu na wale walioajiriwa zaidi ya mara moja na mwajiri huyohuyo ndani ya mwaka, wakipita jumla ya miezi 6. Lakini sera hii imesema "kila mfanyakazi", bila sharti la miezi 6. Mwandishi mwenye bidii atataka kuliingiza "ili sera ifanane na sheria". Asifanye hivyo. Sera imetoa zaidi ya sakafu, na kuishusha hadi sakafu ni kupunguza.

Hatua ya tatu: wapitishe watu kwenye vifungu

Vifungu 8 vina jozi 28. Unaweza kuzikagua zote, lakini jozi nyingi hazikutani kamwe kwa mtu mmoja siku moja. Njia ya haraka ni kuchukua watu watatu au wanne wenye mazingira tofauti, tarehe halisi mkononi, na kuuliza kila kifungu kinampa nini.

*Matroni.* Ameajiriwa tarehe 1 Machi 2018, kwa hiyo ana 28 na 4 za nyongeza. Mzunguko wake uliisha tarehe 28 Februari 2025 akiwa hajaenda likizo ya mwaka. Alianza likizo ya uzazi ya siku 84 Jumatatu tarehe 10 Februari 2025, ikaisha Jumapili tarehe 4 Mei. Kwa 4.6 anaendelea na likizo ya mwaka kuanzia Jumatatu tarehe 5 Mei. Kwa 4.3 hawezi, kwa sababu shule iko wazi hadi Ijumaa tarehe 6 Juni. Arudi bweni na mtoto wa miezi mitatu kwa wiki tano, ndipo aondoke tena?

Sasa fuatilia zaidi, maana kuna mgongano wa pili umejificha. Shule imefungwa kuanzia tarehe 7 Juni hadi 7 Julai, inafunguliwa tarehe 8. Hesabu: siku 24 za Juni na 7 za Julai, jumla 31. Hata ukizihesabu zile 4 za nyongeza kwa kalenda, anahitaji 32. Siku moja haienei, na kwa hesabu ya siku za kazi inaweza kuwa zaidi ya moja. Kwa neno "tu" lililoko mwisho wa 4.3, kila mfanyakazi wa bweni mwenye miaka 5 amekuwa akikatwa siku kimyakimya kila anapopangiwa Juni, na kwenye rejista inaandikwa kwamba amemaliza likizo yake. Huu ni mgongano wa 4.2 na 4.3, na hakuna aliyeulalamikia kwa sababu hauonekani bila kalenda.

*Mlinzi.* Ameajiriwa tarehe 1 Septemba 2023. Mzunguko wake wa pili uliisha tarehe 31 Agosti 2025. Aliomba likizo Oktoba, akajibiwa kwa maandishi kwamba mwenzake ameacha kazi, asubiri. Tarehe 31 Desemba 2025 imefika na siku zake 28 ziko palepale. Kwa 4.4 ana 0. Kwa 4.5 ana 14. Kwa sheria mwajiri bado anadaiwa 28, na ana hadi tarehe 28 Februari 2026 kumpa, au hadi tarehe 31 Agosti 2026 wakiafikiana kwa sababu za kazi. Majibu matatu kwa mtu mmoja.

*Mwalimu.* Alikuwa likizo kuanzia Jumatatu tarehe 9 Juni hadi Jumapili tarehe 6 Julai 2025, siku 28 kamili. Akalazwa kwa malaria tarehe 18 hadi 22 Juni, siku 5, na cheti anacho. Kwa 4.7 siku 5 hazihesabiwi. Kwa 4.8 likizo haiongezwi kwa sababu yoyote. Mkuu wa shule anamtaka kazini tarehe 8 Julai, shule inapofunguliwa. Mwalimu anasema likizo yake inaisha tarehe 11.

Hatua ya nne: amua kila mgongano kwa maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule

Usiamue kwa kuangalia nani anadai. Kila mgongano ulizwe haya, moja baada ya jingine, na uishie kwenye swali la kwanza linalotoa jibu.

Kwanza: je, jibu mojawapo liko chini ya sakafu ya sheria, au ya mkataba na mkataba wa hali bora? Kama ndiyo, jibu hilo linatoka. Kwa mlinzi, 0 imetoka na 14 imetoka. Hakuna haja ya kubishana 4.4 na 4.5 kipi kina nguvu, vyote viwili vimeshindwa na sakafu. Zimebaki 28.

Hapa wasimamizi huwa wanauliza: tukiondoa "itapotea", nini kitawazuia watu kurundika likizo? Jibu liko kwenye sheria yenyewe. Mwajiri ndiye mwenye mamlaka ya kupanga tarehe. Mfanyakazi asiyeomba likizo anapangiwa, anapewa barua, anaondoka. Bakaa zinarundikana mahali ambapo mwajiri hajatumia mamlaka hayo, na kifungu cha kupoteza siku kinamwadhibu mfanyakazi kwa kazi ambayo ofisi haikuifanya.

Pili: je, vifungu viwili vinasema safu mbili tofauti? Kama kimoja ni KIASI na kingine ni LINI, visomwe pamoja, na kila kimoja kibaki kwenye safu yake. Swali hili linammaliza mwalimu. Kifungu cha 4.7 kinasema siku 5 ni zake bado. Hicho ni kiasi. Kifungu cha 4.8 kinasema tarehe ya kurudi haisogei. Huo ni wakati. Basi anaripoti tarehe 8 Julai kama fomu ilivyosema, na siku 5 zinarudi kwenye bakaa yake, azichukue shule itakapofungwa tena. Wote wawili walikuwa na haki nusu. Linamaliza pia siku zisizoenea za wafanyakazi wa bweni: 4.3 ni LINI, hakiwezi kula siku za 4.2.

Usiharakishe kukifuta 4.8 kwa sababu kimeleta ugomvi. "Wala kusitishwa" kinamlinda mfanyakazi pia, asiitwe kazini katikati ya likizo. Kifungu kinachoonekana kuwa cha mwajiri mara nyingi kina mguu mmoja upande wa pili, na ukikifuta kizima umefuta na huo mguu.

Tatu: kama vyote viko safu moja, kipi ni mahususi zaidi? Matroni amekwama kwenye LINI na LINI. Kifungu cha 4.3 kinahusu walimu na watu wa bweni wote, kila mwaka. Cha 4.6 kinahusu anayetoka uzazini, mara hiyo moja, na kinasema wazi kwamba ni haki. Chenye watu wachache na tukio dogo zaidi ndicho kilichoandikwa kwa ajili yake. Anaendelea tarehe 5 Mei, na akihesabiwa 28 zinaishia tarehe 1 Juni, kisha zile 4.

Nne, na hili litumike tu kama matatu ya juu yameshindwa: mazoea yalikuwa yapi? Na kama hata mazoea hayaeleweki, chukua tafsiri isiyomwacha mtu yeyote na pungufu.

Kila uamuzi uandikwe kwenye karatasi ya maamuzi: vifungu vilivyogongana, swali lililotoa jibu, jibu lenyewe, na tarehe. Mistari mitatu inatosha. Bila karatasi hii, miaka miwili baadaye mtu mpya ataona 4.8 "hakina mantiki" na kuanza upya.

Hatua ya tano: andika upya

Andika kanuni kuu kwanza, kisha bandika kila "isipokuwa" kwenye kanuni inayoigusa, kwa namba. Maneno "licha ya kifungu kingine chochote" yatoke kabisa, mahali pake taja kifungu: "4.3 hakimhusu". Hivi ndivyo mfano wetu unavyokuwa:

> 4.1 Kila mfanyakazi anapata siku 28 za mfululizo za likizo ya mwaka yenye malipo kwa kila mzunguko wa likizo. Mzunguko ni miezi 12 inayoanza tarehe aliyoajiriwa. Sikukuu iliyoangukia ndani ya siku hizo inahesabiwa.
>
> 4.2 Mfanyakazi aliyetimiza miaka 5 ya kazi anaongezewa siku 4 za kazi. Siku ambazo hakupangiwa kazi, na sikukuu, hazihesabiwi katika hizo 4.
>
> 4.3 Mwalimu na mfanyakazi wa bweni anapangiwa likizo wakati shule imefungwa. Kifungu hiki kinapanga wakati, hakipunguzi siku. Siku ambazo hazikuenea anazichukua mara moja baada ya hapo au shule itakapofungwa tena, kwa chaguo lake.
>
> 4.4 Mwajiri anahakikisha likizo inachukuliwa ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kuisha. Mfanyakazi ambaye hajaomba hadi miezi 2 kabla ya mwisho huo anapangiwa tarehe kwa barua. Siku hazifutwi kwa sababu muda umepita.
>
> 4.5 Kazi ikilazimu likizo isogezwe, siku zote za mfanyakazi zinahama naye. Kusogeza kunaweza kufika miezi 12 baada ya mzunguko kuisha, mfanyakazi akiafiki kwa maandishi.
>
> 4.6 Mfanyakazi anayemaliza likizo ya uzazi ana haki ya kuendelea moja kwa moja na likizo ya mwaka, hata kama shule iko wazi. 4.3 hakimhusu kwa likizo hiyo.
>
> 4.7 Siku alizougua mfanyakazi akiwa likizo, akileta cheti cha daktari, zinarudi kwenye bakaa yake. Tarehe ya kuripoti kazini haibadiliki, isipokuwa kama bado ni mgonjwa.
>
> 4.8 Likizo ikishaanza, mwajiri haisitishi, na haiongezwi. Siku zinazorudi kwa 4.7 zinachukuliwa baadaye.

Maneno ya mwisho ya 4.7 hayakuwepo. Yameingia kwa sababu bila hayo mtu aliyelazwa siku ya mwisho ya likizo angetakiwa aripoti akiwa na dripu mkononi. Kwa kuwa mgonjwa tayari ana likizo ya ugonjwa kisheria, maneno hayo hayampi kipya wala hayamnyang'anyi mwajiri kitu.

Sasa linganisha na sharti hili, ambalo huwa linateleza na kuingia bila mtu kukusudia: "ana haki ya kuendelea na likizo ya mwaka, *iwapo atatoa taarifa siku 30 kabla*." Linaonekana la kistaarabu, na ofisi ingelipenda. Lakini 4.6 ya zamani haikuwa na taarifa. Matroni aliyejifungua mapema akashindwa kuandika barua amepoteza haki aliyokuwa nayo. Kila neno "iwapo", "endapo", "baada ya kuidhinishwa na" kwenye rasimu yako lirudishe kwenye safu ya SHARTI ya jedwali. Kama halikuwemo humo, lifute. Fanya hivyohivyo kwa "ana haki" iliyogeuka "anaweza", na "atapewa" iliyogeuka "anaweza kupewa". Herufi chache, lakini haki imekuwa hisani.

Hatua ya sita: pima kwa bakaa

Rudi kwa watu wako watatu na uongeze kila mfanyakazi aliyeko kwenye rejista. Kwenye jedwali la kompyuta weka safu ya siku kwa sera ya zamani ikisomwa kwa namna inayompa zaidi, safu ya siku kwa sera mpya, na safu ya tofauti. Kama siku za zamani ziko safu C na mpya safu D, tofauti ni:

```
=D2-C2
```

Hakuna mstari unaoruhusiwa kuwa hasi. Mmoja ukiwa hasi, usimwandikie mtu huyo "isipokuwa" yake ili kuziba. Hivyo ndivyo sera ilivyoharibika mwanzoni. Rudi hatua ya nne, kuna jibu lililochaguliwa vibaya.

Pima tarehe pia, si idadi peke yake. Mlinzi kwa 4.5 ya zamani alikuwa na siku 14 za kutumia mwaka mzima wa 2026. Mpya inamtaka mwajiri ampe zote 28 kufikia tarehe 31 Agosti. Idadi imepanda lakini mwisho umekuja mapema. Kinachomlinda ni sentensi ya 4.4 kwamba siku hazifutwi: tarehe ikipita bila kupangiwa, deni linabaki kwa mwajiri. Sentensi hiyo ikikatwa na mtu anayependa ufupi, mlinzi ameumia.

Kisha mpe mtu ambaye hakushiriki, mpishi au karani wa stoo, fomu tatu zenye tarehe na sera mpya bila maelezo. Akitoa majibu tofauti na yako, kosa ni la maandishi.

Hatua ya saba: kuitoa

Hata ufafanuzi usiopunguza kitu upitishwe kwa wafanyakazi au tawi lao kabla ya kusainiwa, pamoja na jedwali la bakaa. Watu huamini namba zao kuliko hotuba. Kama kipengele chochote kinagusa maelezo yaliyomo kwenye mkataba wa ajira, sheria inataka mabadiliko yafanyike kwa kushauriana na mfanyakazi na ajulishwe kwa maandishi. Weka tarehe ya kuanza, toleo la zamani lihifadhiwe likiwa na alama kwamba halitumiki, na likizo zilizokwisha kuidhinishwa ziendelee kwa fomu zake.

Linabaki deni la nyuma. Wafanyakazi wa bweni waliokatwa siku kwa miaka kadhaa sasa wataliona, maana 4.3 mpya inalitaja waziwazi. Usingoje walete madai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Toa fomu zao za Juni, hesabu siku ambazo hazikuenea kila mwaka, ziingize kwenye rejista kama bakaa yenye mstari wake peke yake, "siku zilizorejeshwa", ili zisichanganyike na za mzunguko huu. Kisha mpangie kila mmoja tarehe za kuzichukua.